Herufi Zote Zinasomeka, Upande Haupo: Mhadhara Kuhusu Glaukoma

Mhadhara huu ulitolewa Moshi, mbele ya walimu waliostaafu na wanaokaribia kustaafu. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali machache ya mwisho.

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za mchana. Kabla sijasema lolote naomba mnisaidie kwa dakika moja. Nyosheni mikono yote miwili mbele, ngumi zikiwa usawa wa macho, dole gumba likisimama kila upande, na madole gumba hayo yagusane. Walio na miwani msiivue. Sasa fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia, tazama dole gumba la kushoto tu, usilibandue jicho hapo hata nikisema nini. Halafu sogeza mkono wa kulia polepole kwenda kulia, ukiuacha usawa uleule. Mwendo ni pungufu kidogo ya shubiri. Kuna mahali ncha ya dole gumba la kulia itatoweka. Ukiendelea kusogeza, itarudi.

Nani ameipoteza? Naona mikono mingi. Mzee pale mbele anacheka, maana yake jicho lilimponyoka likaenda kutazama mkono unaosogea. Rudia tena taratibu, utaipata.

Sasa swali langu ni moja. Pale dole gumba lilipotoweka, mliona nini? Mliona shimo jeusi? Kiza? Hapana. Mliona ukuta tu, au mgongo wa aliyekaa mbele yako. Hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, na mahali hapo hapana chembe hata moja ya kupokea mwanga. Kila mtu humu ana pengo hilo tangu kuzaliwa, kwenye kila jicho, na hajawahi kuliona, kwa sababu ubongo haukubali kuacha nafasi wazi. Unachukua rangi na mistari ya jirani na kuziba.

Nimeanza hapo kwa sababu watu wengi wanaokuja kliniki wanadhani upofu wa glaukoma, huu tunaouita presha ya macho, ungewapa taarifa. Wanangojea kuona giza pembeni, au ukungu, au maumivu. Hakuna giza. Sehemu iliyokufa inazibwa na ubongo kama lilivyozibwa lile dole gumba. Mtu anapita kwenye mlango, anasoma gazeti, anasahihisha madaftari, na picha anayoiona ni kamili. Isipokuwa sehemu yake moja imebuniwa.

Niseme kwa ufupi kinachotokea ndani. Mbele ya jicho, kati ya kile kioo cha nje na lenzi, kuna maji. Si machozi, machozi yako nje. Maji haya yanatengenezwa ndani ya jicho lenyewe wakati wote, usiku na mchana, yanapita kwenye mboni kuja mbele, na yanatoka kupitia chujio dogo sana lililoko pembezoni, pale weupe wa jicho unapokutana na duara la rangi. Fikirini karo ambalo bomba lake halifungwi kamwe. Tundu la kutolea maji likianza kuziba taratibu, bomba likiwa lilelile, maji yanapanda. Ndani ya jicho hayana pa kupanda, kwa hiyo kinachopanda ni msukumo. Na msukumo huo unaumiza zaidi pale nyuma, kwenye mlango wa mshipa wa fahamu, ambapo nyuzi zipatazo milioni moja zinajikunja kupenya nje ya jicho. Zinabanwa, chakula na hewa havizifikii vizuri, zinakufa moja baada ya nyingine kwa miaka.

Iko aina nyingine ya glaukoma, ambayo mlango wa kutolea maji hufungwa ghafla. Hiyo ina kelele: jicho jekundu, maumivu makali ya kichwa upande mmoja, kutapika, kuona duara za rangi kuzunguka taa. Mwenye hiyo atakimbizwa hospitali usiku huohuo. Leo siisemi zaidi. Ninayoisema ni ile ya kimya, na huku kwetu ndiyo iliyo nyingi. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Karibu wanne katika kila mia walikuwa na glaukoma, na wengi wao walikuwa na hii ya kimya.

Kuna sababu ya pili ya mtu kutojua, na hii ndiyo huwashangaza hata wauguzi wangu wapya. Glaukoma kwa kawaida haianzi katikati, huanza pembeni, na mara nyingi pembeni upande wa pua. Sasa weka mkono wako wa kulia mbele ya pua. Eneo lililo upande wa pua wa jicho la kushoto ni eneo lilelile ambalo jicho la kulia linaliona vizuri. Yaani ugonjwa unaanza kula mahali ambapo una akiba. Jicho moja likipoteza, jingine linalipa, na wewe mwenye macho hupati hata risiti. Ndiyo maana namwambia mtu yeyote: kuona vizuri kwa macho mawili si ushahidi wa macho mawili mazima.

Basi tunaipataje? Tuanze na kipimo cha presha, kwa kuwa ndicho mnachokijua. Kwanza nitenganishe: presha ya damu inayopimwa mkononi ni kitu kingine kabisa. Unaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi na jicho likawa linaumia.

Presha ya jicho tunaipima kwa milimita za zebaki, na jicho la kawaida huwa kati ya 10 na 21. Chombo tunachokiamini zaidi kinaitwa kwa jina la daktari wa Uswisi, Goldmann, aliyekibuni miaka ya 1950. Utawekewa tone la ganzi, halafu rangi ya njano. Unaweka kidevu na paji la uso kwenye kifaa, taa ya bluu inakuja, na kichwa kidogo cha plastiki kinagusa kioo cha jicho. Huhisi kitu kwa sababu ya ganzi. Mpimaji anaona nusu duara mbili za kijani, anazungusha kitufe mpaka kingo zao za ndani zigusane, na nguvu iliyohitajika kubonyeza kioo hicho kiwe bapa kwa upana wa milimita tatu hivi ndiyo inayompa namba. Jicho gumu linahitaji nguvu zaidi. Basi, ni hilo tu. Vipo vyombo vingine, kile kinachopuliza hewa na kile kidogo cha mkononi kinachogusa mara moja kwa sindano laini isiyochoma. Vyote vinauliza swali lilelile.

Hapa niwaambie mambo yanayoharibu kipimo, maana nimeona watu wakipewa dawa za maisha kwa namba mbovu, na wengine wakirudishwa nyumbani kwa namba nzuri ya uongo. Ukibana pumzi kwa woga, presha inapanda. Ukikaza kope, inapanda. Tai iliyobana shingoni, inapanda. Mpimaji akikushika kope na kidole chake kikaegemea jicho lenyewe, inapanda, na kosa ni lake. Kwa upande mwingine, mtu mwenye kioo cha mbele chembamba kuliko kawaida atasomeka chini kuliko ukweli, kwa sababu kioo chembamba kinabonyea upesi. Na presha ya jicho haitulii: hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kwa wengi asubuhi huwa juu. Ukipimwa saa tisa alasiri ukaambiwa 18, hiyo ni 18 ya saa tisa.

Lakini kasoro kubwa zaidi haimo kwenye chombo. Wako watu wenye presha ya 25 kwa miaka mingi na mishipa yao haijaguswa. Hao tunawafuatilia, wengine tunawapa dawa, ila hawana glaukoma. Na wako wenye presha ya 16 ambao mishipa yao inakufa. Ukipima jamii nzima mara moja, sehemu kubwa ya wenye glaukoma watakutwa chini ya 22. Kwa hiyo anayekuambia "presha yako ya macho ni nzuri, huna glaukoma" kwa kutumia namba hiyo peke yake, amekuambia nusu ya habari. Nusu nyingine iko nyuma ya jicho. Lazima mtu amulike, autazame mdomo wa ule mshipa, aone kama shimo lililoko katikati yake limepanuka na ukingo wake umeliwa.

Halafu kuna kipimo cha uwanja wa kuona. Hiki ndicho ninachokipenda, na ndicho wagonjwa wanachokichukia.

Unakaa mbele ya bakuli kubwa jeupe ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Jicho moja linazibwa. Katikati ya bakuli kuna alama moja, na kazi yako ni kuitazama hiyo tu. Mkononi una kitufe. Vitaa vidogo vinawaka na kuzima sehemu mbalimbali za bakuli, kimoja kimoja, vingine vikali na vingine hafifu mno. Ukikiona, bonyeza. Usikitafute. Kipimo kinachotumika sana hupima vituo 54 kwa kila jicho, na huchukua dakika tano hivi, zaidi kidogo kwa anayechoka.

Watu wanatoka pale wamekata tamaa. "Daktari, nimefeli, vingi sikuviona." Sikilizeni walimu: huu ni mtihani ambao umetungwa ufeli nusu yake. Mashine inatafuta, kwa kila kituo, mwanga hafifu kabisa unaoweza kuuona. Ukiona, inapunguza, usipoona, inaongeza. Kwa hiyo hata kijana wa miaka 20 mwenye macho ya tai hataviona vitaa vingi. Usipoelezwa hilo unaingia na woga, unaanza kubonyeza kwa kubahatisha, na karatasi inatoka haifai.

Mashine yenyewe si mjinga. Mara kwa mara inanyamaza bila kuwasha kitu, na ukibonyeza hapo inaandika kuwa unabahatisha. Mara kwa mara inawasha taa ndani ya lile pengo tulilolipata kwa dole gumba. Ukiiona taa hiyo, inajua jicho lako limehama kutoka katikati. Inarudisha pia taa kali mahali ambapo uliona hafifu, na usipobonyeza inajua umeanza kusinzia. Hayo yote yanachapishwa juu ya karatasi, na daktari anayasoma kabla hajatazama picha.

Hata hivyo kipimo cha kwanza hatukiamini sana. Mtu anajifunza. Kope lililolegea kwa uzee linafunika sehemu ya juu na kuonekana kama ugonjwa, na dawa yake ni plasta ya kulivuta. Kwa hiyo tukikuta pengo tunarudia siku nyingine. Likirudi mahali palepale, kwa umbo lilelile, basi ni la kweli. Na kuna jambo linalouma kulisema: nyuzi nyingi huwa zimeshakufa kabla mashine hii haijaonyesha chochote. Makadirio ni robo hadi theluthi, pengine zaidi. Ndiyo maana kuutazama mshipa ni lazima hata kama karatasi imetoka safi.

Niwape mfano mmoja tuupitie. Mama huyu nimemuunga kutoka kwa wagonjwa wengi, msimtafute mtaani. Ni mwalimu, miaka 54. Amekuja kwa sababu miwani ya kusomea aliyonunua kwa wamachinga stendi imeanza kumchosha. Hana malalamiko mengine. Kaka yake mkubwa "alipofuka kwa uzee". Neno hilo tukilisikia tunaacha kalamu tunainua macho, kwa sababu mwenye ndugu wa tumbo moja mwenye glaukoma ana hatari mara kadhaa kuliko mtu mwingine.

Tunampima kwenye ubao wa herufi. Jicho la kulia 6/6. La kushoto 6/6. Anasoma mstari mdogo bila kusita. Kwa karibu anahitaji lenzi za kusomea, kama kila mtu wa umri wake. Kwingine angepewa miwani mpya, angelipa, angeshukuru na kuondoka. Na miwani ingekuwa sahihi kabisa! Angesoma vizuri na kuwasifu.

Tunapima presha, saa nne asubuhi. Kulia 27, kushoto 32. Tunamulika nyuma. Kulia, shimo la katikati limechukua kama sita ya kumi ya mdomo wa mshipa. Kushoto ni tisa ya kumi, na ukingo wa chini karibu umekwisha. Kwa kuwa picha ndani ya jicho hugeuka chini juu, ukingo wa chini ukiliwa tunatarajia pengo kwenye sehemu ya juu ya anachokiona. Anaingia kwenye bakuli. Kulia, vituo vichache tu upande wa pua vimefifia. Kushoto, karibu nusu yote ya juu haipo, kuanzia upande wa pua, ikipinda kwa upinde juu ya katikati mpaka kwenye lile pengo la kuzaliwa. Vituo vya jicho zima vina namba kama 28 au 30. Vyake vya juu vinasoma sifuri: taa kali kuliko zote iliwaka hapo, hakuiona. Katikati kabisa, pale anaposomea herufi, pamebaki pazima.

Hakuamini. Nikamwomba afumbe jicho la kulia, atazame pua yangu, nikainua kalamu juu upande wake wa kulia. "Umeinua nini?" akauliza. Nikamwambia afumbue jicho la kulia. "Kumbe!" Kalamu ilikuwa pale muda wote, na jicho la kulia ndilo lililokuwa likiileta.

Tulirudia kipimo baada ya wiki chache, pengo likawa palepale. Akaanza tiba. Lengo tuliloweka ni kushusha presha kwa theluthi au zaidi, na jicho la kushoto tulilitaka chini zaidi kwa sababu halina tena akiba ya kupoteza. Njia ni tatu: matone ya kila siku, mwale wa leza kwenye lile chujio la kutolea maji, au upasuaji wa kufungua njia mpya. Leza si hadithi ya ng'ambo. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC, ilifanyika tafiti ya kulinganisha leza na matone ya timololi, ikachapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kwa macho 61 katika kila mia, timololi kwa 31. Sehemu ya sababu ni ya kibinadamu tu: matone hayafanyi kazi yakiwa ndani ya kabati.

Mwaka ukapita, presha yake 16 na 14. Karatasi mpya ya uwanja ikawekwa juu ya ile ya zamani. Zinafanana. Akaniuliza kwa uchungu, "Sasa dawa imenisaidia nini, mbona hakuna kilichorudi?" Kwangu zile karatasi mbili zinazofanana ndizo habari njema. Kwake, alikuwa akilipia kitu asichokiona. Wengi huacha dawa hapo.

Na hapo ndipo wengi huenda kutafuta miwani ya nguvu zaidi. Tuimalize hoja hiyo.

Miwani inafanya kazi moja: inapinda mwanga. Kama jicho lako ni refu kidogo, picha inaangukia kabla ya pazia la nyuma. Kama ni fupi, inaangukia ng'ambo yake. Ukizeeka lenzi yako inakuwa ngumu na haibadiliki kwa vitu vya karibu. Lenzi ya miwani inaisogeza picha ianguke mahali pake. Baada ya hapo kazi yake imekwisha. Kuibeba picha kutoka kwenye pazia hadi kwenye ubongo ni kazi ya zile nyuzi milioni moja, na kwa mwenye glaukoma zilizokatika ni hizo. Picha imetua vizuri, tena kali na safi, ila hakuna wa kuipeleka. Na nyuzi hizi zikifa, mwili hauoteshi nyingine.

Ushahidi wake uko ndani ya mashine ileile. Mama yule alipoingia kwenye bakuli hakuingia bila miwani. Tulimwekea mbele ya jicho lenzi iliyochaguliwa kwa macho yake na kwa umbali wa bakuli lile, iliyo sahihi kuliko ya stendi. Tulimpima akiwa na miwani bora anayoweza kupata, na sifuri zilibaki sifuri. Ningemwekea lenzi ya nguvu mara mbili, ningemwongezea ukungu katikati, na juu pangebaki hapana kitu.

Kwa wale ambao ugonjwa umefika katikati na sasa hata herufi hazisomeki, tuna kadi nyeusi yenye tundu dogo. Mtu akitazama kupitia tundu hilo na herufi zikasomeka vizuri zaidi, kuna kasoro ambayo lenzi itasaidia. Zisipobadilika, tunatafuta sababu kwingine: mtoto wa jicho, pazia, au mshipa. Kipimo hiki hakihitaji umeme, na kinaokoa pesa za miwani isiyofaa.

Niongeze hili la mtoto wa jicho kwa sababu linaleta ugomvi. Mzee anaweza kuwa na vyote viwili. Akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, katikati panang'aa, rangi zinarudi, anafurahi. Wiki mbili baadaye anajikwaa kwenye ngazi na familia inasema amepasuliwa vibaya. Hakupasuliwa vibaya. Upande wa chini ulikuwa umekwenda zamani, na ukungu wa mtoto wa jicho ndio uliokuwa umemfanya atembee polepole na kushika ukuta.

Nimemaliza yangu. Karibuni maswali.

*Mzee mmoja: Daktari, nimesikia Ulaya kuna miwani inayopanua uwanja wa kuona.*

Ipo mzee wangu, na anayeiuza atakwambia ukweli nusu. Kuna vioo vinavyopunguza picha, kwa hiyo vitu vingi zaidi vinaingia kwenye sehemu ndogo iliyobaki. Gharama yake ni kwamba kila kitu kinakuwa kidogo na kinaonekana kiko mbali, hata sura ya mjukuu wako. Na kuna vipande vya kioo vinavyohamisha picha kutoka upande uliokufa kuja upande unaoona. Baadhi ya waliopata kiharusi hufundishwa kuvitumia. Vyote vinahamisha picha kwenye nyuzi zilizo hai. Hakuna kinachofufua zilizokufa.

*Mama mmoja: Mimi natumia dawa za presha ya damu. Si zinashusha na ya macho?*

Hapana mama. Baadhi zinaweza kugusa kidogo, lakini usizitegemee hata siku moja. Ila nimefurahi umetaja, kwa sababu kinyume chake kina hatari: timololi ya matone ya macho huingia mwilini. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na mwenye mapigo ya moyo ya taratibu inaweza kuyapunguza zaidi. Ukipewa matone, mwambie daktari dawa zako zote na kama una pumu. Na ukiyatia, fumba jicho na ubonyeze kwa kidole kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili, dawa ibaki jichoni isiteremke puani.

*Mwalimu mmoja: Tupimwe mara ngapi?*

Ukifika 40, pimwa hata kama huna shida, halafu kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, anza mapema kuliko hapo. Ukienda, usiulize "macho yangu yanaonaje?" Uliza presha ni ngapi kila jicho, kama mshipa umetazamwa, na kama uwanja wa kuona umepimwa. Omba karatasi, iweke pamoja na vyeti vyako. Karatasi ya miaka mitano iliyopita ina thamani kwangu kuliko ya leo, kwa sababu ndiyo itakayonionyesha kama unashuka na kwa kasi gani.

*Mama wa nyuma: Mwanangu macho yanamwasha kila kiangazi. Tunamnunulia matone duka la dawa, yanamtuliza kabisa. Hayo nayo yana shida?*

Hilo mama ni swali kubwa kuliko unavyodhani. Baadhi ya matone ya kutuliza muwasho yana dawa za jamii ya steroidi, kwa mfano deksamethasoni. Yanatuliza kweli, na haraka. Lakini kwa baadhi ya watu, na watoto wamo, yakitumika kwa wiki nyingi yanapandisha presha ya jicho, na mtoto hatahisi chochote kwa sababu zilezile tulizozizungumza. Nimeona vijana wa sekondari wenye mishipa ya mzee wa miaka 70 kwa ajili ya chupa hizo. Usimwachishe ghafla leo usiku, lakini mlete wiki hii tumpime presha, tumtafutie dawa ya muwasho isiyo na steroidi. Una chupa yenyewe mkobani? Basi njoo nayo hapa mbele tusome jina lake.